Saa ya Kikao Iwe na Mji Wake

Ukoo wenye watu Unguja, Maskati, London na Toronto una siku moja tu kwa wiki ambayo wengi wao katika miji yote minne hawaendi kazini, nayo ni Jumamosi. Tangu mwaka 2013 mapumziko ya wiki nchini Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na kazi huanza tena Jumapili asubuhi. Zanzibar, Uingereza na Kanada hupumzika Jumamosi na Jumapili. Aliye Dubai naye yuko upande huo tangu mwaka 2022, Falme za Kiarabu zilipohamisha mapumziko yao, lakini wa Maskati hakuhama. Kwa hiyo anayeitisha kikao cha harusi, cha mirathi au cha mchango wa matibabu ya mzee hasumbuki kutafuta siku. Anasumbuka na saa. Watu huingia kikao kikiwa kimekwisha, au hukaa saa nzima mbele ya simu wakisubiri wenzao, kila mmoja akiwa na hakika kwamba hesabu yake ni sahihi. Dawa ninayopendekeza ni hii: kila kikao kipewe mji mmoja, saa yake itajwe kwa saa ya mji huo mwaka mzima, na wa miji mingine wapewe jedwali lililogawanywa kwa vipindi vya mwaka. Wasiachiwe kukariri tofauti ya saa.

Tofauti ya saa haifai kukaririwa kwa sababu haitulii. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile iitwayo UTC, na haziisogezi saa yao mwezi wowote. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki vya kutosha kumpa mtu sababu ya kuigusa saa. Omani iko saa nne mbele, nayo haisogezi. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sawa na nchi za Umoja wa Ulaya. Toronto, pamoja na sehemu kubwa ya Kanada na Marekani, husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, utaratibu ulioanza mwaka 2007. Matokeo yake ni kwamba Unguja iko mbele ya London kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Iko mbele ya Toronto kwa saa nane, kisha saba. Anayesema "sisi na wao ni saa nane" anasema kweli kwa muda wa miezi minne hivi. Na kwa kuwa Ulaya na Amerika hazisogezi siku moja, kila mwaka kuna majuma mawili au matatu ya Machi, na juma moja linaloangukia mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, ambapo hata tofauti ya London na Toronto, ambayo wenyewe huiamini kuwa ni saa tano, inakuwa saa nne.

Tuchukue ukoo huo wa miji minne na tuupangie kikao cha Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwa mwaka 2027. Saa ianze kutafutwa Unguja, kwa sababu wazee wako huko na jioni yao imekwisha kupangwa na jua. Magharibi ya Unguja huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, mwezi Mei, na saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi, mwezi Februari. Isha hufuata baada ya saa moja na kidogo, kwa hiyo Februari inakaribia saa mbili usiku. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kitakatwa na magharibi, cha saa moja na nusu kitakatwa na isha. Saa mbili na nusu usiku, yaani 20:30, mzee amekwisha kurudi msikitini, pengine amekwisha kula, na bado hajachoka. Wakati huo Maskati ni 21:30, usiku kiasi lakini Jumamosi, ingawa kesho yake wana kazi na ni vizuri kikao kisipite saa moja. London ni alasiri au jioni mapema. Toronto ni adhuhuri. Hakuna anayeamshwa usingizini na hakuna anayekimbia kazini. Jedwali lake kwa mwaka 2027 linakuwa hivi:

| Kipindi | Unguja | Maskati | London | Toronto |
|---|---|---|---|---|
| 1 Januari hadi 13 Machi | 20:30 | 21:30 | 17:30 | 12:30 |
| 14 hadi 27 Machi | 20:30 | 21:30 | 17:30 | 13:30 |
| 28 Machi hadi 30 Oktoba | 20:30 | 21:30 | 18:30 | 13:30 |
| 31 Oktoba hadi 6 Novemba | 20:30 | 21:30 | 17:30 | 13:30 |
| 7 Novemba hadi 31 Desemba | 20:30 | 21:30 | 17:30 | 12:30 |

Msomaji apitishe macho kwenye safu ya Unguja na ya Maskati: hazitikisiki. Kisha atazame mstari wa nne, ule wa siku saba tu. Jumamosi ya kwanza ya Novemba 2027 ni tarehe 6, na inaangukia humo humo. London imekwisha kurudisha saa tarehe 31 Oktoba, Toronto itarudisha tarehe 7 Novemba. Binamu wa Toronto ataona kwake ni 13:30 kama alivyozoea tangu Aprili, na atakuwa sahihi. Lakini akimkumbusha mwenzake wa London kwa kuongeza zile saa tano, atamwambia 18:30, na mwenzake atafungua simu wakati watu wanaagana. Ikiwa kikao kilikuwa cha kugawa shamba la marehemu, mtu huyo amekosa kusema neno lake katika jambo ambalo halirudiwi. Mwenye jedwali mkononi hahitaji kujua sababu yoyote ya haya. Anatafuta tarehe, anafuata mstari hadi kwenye mji wake, basi.

Jedwali lina mahali pengine panapohitaji mkono wa mtu anayewajua watu wake. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, kwa hiyo kikao cha Februari tarehe 6 kiko salama lakini cha tarehe 6 Machi kiko ndani ya mwezi. Saa mbili na nusu usiku ni wakati wa tarawehe. Kukisogeza mbele zaidi kutawafikisha wa Maskati usiku wa manane. Afadhali kirudi nyuma hadi 16:30 ya Unguja, baada ya alasiri: Maskati itakuwa 17:30, London 13:30, Toronto 8:30. Wa Maskati watakuwa na dakika arobaini hivi kabla ya kufuturu, kwa hiyo kikao kiwe kifupi na mwenyekiti aitangaze mapema saa ya kufunga. Mstari huu uandikwe ndani ya jedwali kama mstari kamili wenye tarehe yake, usiachwe uje kutangazwa kwa ujumbe wa sauti siku mbili kabla.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wa London, nalo lina haki ya kusikilizwa. Watasema: kwa nini sisi ndio tubadilishiwe saa mara mbili kwa mwaka, na wenye mji wa kikao wakae palepale? Jibu liko katika kujaribu upande wa pili. Kikao kikifungwa London saa 17:30 mwaka mzima, Unguja itakuwa 20:30 wakati wa baridi, vizuri, lakini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba itakuwa 19:30, yaani isha inapoadhiniwa, miezi saba mfululizo. Kwa wa London, kuhama kutoka 17:30 kwenda 18:30 siku ya Jumamosi ni kuhama ndani ya jioni ileile. Isitoshe, simu yake, basi lake na saa ya ukutani vimekwisha kuhama siku hiyohiyo, naye amezoea kubadilishiwa saa na serikali yake. Mzee wa Unguja hajawahi kuishi na saa inayosogea, na hakuna kitu chochote nyumbani kwake kitakachomkumbusha kwamba wiki hii mambo yamebadilika. Kanuni ninayoiona hapa ni kwamba mji wa kikao uwe ule ambao watu wake wana nafasi ndogo zaidi ya kusogea, na pale nafasi zinapolingana, uwe mji usiosogeza saa.

Kanuni hiyo inaweza kuipa London ushindi, na ikifanya hivyo ifuatwe. Ndugu anayehudumia wazee au wagonjwa Uingereza mara nyingi hufanya kazi kwa zamu, na zamu ya Jumamosi haijui jamaa. Kama yeye ndiye mweka hazina wa ukoo na hutoka kazini saa kumi na mbili kamili jioni kwa saa ya huko, kikao cha 17:30 wakati wa baridi hakipati kabisa. Hapo mnaweza kukifunga London saa 18:30: Unguja itakuwa 21:30 wakati wa baridi na 20:30 wakati wa joto, na Maskati itafika 22:30 kuanzia mwisho wa Oktoba. Ni gharama ya kweli kwa wa Maskati, waambiwe hivyo waziwazi na waikubali wenyewe. Jambo lisilofaa ni kuwa na kikao kisicho na mji, ambacho saa yake inajadiliwa upya kila mwezi na kuamuliwa na mwenye sauti kubwa kwenye kundi la WhatsApp.

Pingamizi la pili ni kwamba simu zinafanya hesabu hizi zenyewe. Ni kweli, zinafanya, na zinafanya vizuri kuliko mtu yeyote, mradi tu ziambiwe mji sahihi. Hapa ndipo panapoharibika. Kikao cha kujirudia kikiwekwa kwenye kalenda ya simu hushika ukanda wa saa wa yule aliyekiandika. Kijana wa Toronto, ambaye ndiye hodari wa mambo hayo, atakiandika Januari kwa 12:30 yake, mialiko itaenda kwa wote, na Januari na Februari kila kitu kitakuwa sawa. Itakapofika katikati ya Machi kikao kitabaki 12:30 Toronto, na Unguja kitateremka hadi 19:30 bila mtu kugusa chochote. Dalili yake ni rahisi kuijua: saa ya kwenu mnaoishi nchi isiyosogeza saa ikibadilika kwenye simu, ujue kikao kimefungwa mji mwingine. Anayeandika mwaliko afungue sehemu ya ukanda wa saa na kuchagua jina la mji wenyewe. Majina hayo yameandikwa hivi kwenye kalenda nyingi na kwenye mitambo:

```
Africa/Dar_es_Salaam
Asia/Muscat
Europe/London
America/Toronto
```

Zanzibar haina jina lake humo; inatumia la Dar es Salaam. Wa Mombasa wachague `Africa/Nairobi`, ambayo saa yake ni ileile. Mwandishi wa mwaliko achague mji, asichague vifupisho. Mtu anayeandika GMT akidhani anasema saa ya London atakuwa amekosea kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, maana kipindi hicho Waingereza wako saa moja mbele ya GMT. Ndivyo ilivyo kwa EST ya Toronto, ambayo ni saa ya baridi peke yake. Jina la mji hubeba sheria zote za kusogeza saa, pamoja na mabadiliko ambayo serikali inaweza kuyaleta. Sudani Kusini, kwa mfano, iliacha saa ya Nairobi na kurudi nyuma saa moja tarehe 1 Februari 2021. Ofisi zilizoandika mji wa Juba zilihitaji tu simu na kompyuta zipokee sasisho. Zilizokuwa zimeandika "saa tatu mbele" zilibaki na saa ya zamani.

Wapo watakaosema basi tuseme yote kwa UTC, tumalize ubishi. Kwa marubani na mafundi wa mitambo hilo ni sawa. Kwa ukoo ni kumpa kila mtu hesabu ya kutoa na kujumlisha ambayo hakuwa nayo, kwa sababu hakuna hata mmoja katika miji hii minne anayeishi kwa saa hiyo mwaka mzima. Tena faida yake pekee, kutosogea, tunayo tayari katika saa ya Afrika Mashariki, ambayo ni UTC na saa tatu juu yake, siku zote.

Kuna tatizo jingine ambalo kalenda haiwezi kulitatua, nalo ni namna tunavyozitaja saa. Mzee wa Unguja akisema saa mbili na nusu usiku anamaanisha 20:30. Mjukuu aliyezaliwa Toronto, mwenye Kiswahili cha nyumbani na saa za shuleni, anaweza kusikia saa mbili na nusu akaandika 2:30. Kosa hili lina alama yake: saa zinapishana kwa sita kamili. Mtu akija mapema au akichelewa kwa saa sita, usimlaumu kwa uzembe. Alihesabu kwa saa nyingine. Kwa hiyo jedwali liandikwe kwa tarakimu za saa ishirini na nne, kama zinavyoonekana kwenye simu, na tangazo la sauti liseme kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku: saa mbili na nusu usiku kwa saa za Unguja. Siku nayo itajwe kwa tarehe. Kwa wazee wengi usiku wa Jumapili ni usiku wa kuamkia Jumapili, kwa kuwa siku huanza jua linapozama, ilhali kijana anaelewa usiku unaofuata mchana wa Jumapili. "Jumamosi tarehe 6 Novemba, saa mbili na nusu usiku" haina namna mbili za kueleweka.

Kuhusu wazee wasiosoma majedwali, hawahitaji kulisoma. Ukishaufunga mji wa kikao Unguja, wao ndio pekee ambao hawana cha kubadilisha. Mwenye jukumu la kuitisha ndiye alitazame, na siku mbili kabla ya kikao amwombe kila wa nje amjibu kwake kitakuwa saa ngapi, badala ya kujibu "sawa". Majibu hayo ndiyo ukaguzi. Kwa miji yetu hii, tofauti na Maskati lazima iwe saa moja, na London mbili au tatu, na Toronto saba au nane. Jibu lolote lililo nje ya hapo lina kosa, na lililo ndani lilinganishwe na mstari wa tarehe husika.

Kwa wafanyakazi wenza mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Jumamosi haipo na saa za ofisi ni ukuta. Chukua timu ya Nairobi na New York, wote wakifanya kazi kuanzia saa 9:00 hadi 17:00 za kwao. Wakati wa joto New York inafungua ofisi Nairobi ikiwa 16:00, kwa hiyo wana saa moja ya pamoja. Wakati wa baridi New York inafungua Nairobi ikifunga, na hawana hata dakika. Hapa jedwali zuri halitaumba saa ambayo haipo, na anayeahidi hivyo anawadanganya wenzake. Kinachowezekana ni kugawana usumbufu kwa maandishi. Katika miezi hiyo ya baridi, kikao kimoja kiwe 16:00 Nairobi, ambapo New York wataingia 8:00 kutoka nyumbani. Kinachofuata kiwe 17:30 Nairobi, yaani 9:30 New York, na wa Nairobi wafidiwe muda huo kesho yake asubuhi. Mahali pengi gharama hii hubebwa na Nairobi peke yake mwaka mzima, kwa sababu mwaliko umeandikwa na mkubwa aliye New York kwa saa ya New York. Ukiona kikao chenu cha 16:00 kinahamia 17:00 kila Novemba, hiyo ndiyo sababu, na una haki ya kuomba mji wa kikao ujadiliwe. Wenzenu wa Kigali, Goma au Lubumbashi, walio saa moja nyuma ya Nairobi, watapumua kidogo. Kwao 17:00 ya Nairobi ni 16:00.

Jedwali la ukoo lina mpaka wake pia kwa upande wa mashariki. Akiongezeka ndugu mfanyabiashara Guangzhou, ambayo iko saa tano mbele ya Unguja na haisogezi saa, ile 20:30 inakuwa 1:30 usiku kwake, tarehe ya kesho. Njia ni kukirudisha kikao hadi 15:00 ya Unguja: Guangzhou 20:00, Maskati 16:00, London 12:00 au 13:00, Toronto 7:00 au 8:00. Wa Toronto wataamka mapema Jumamosi, na wa Unguja wataangalia alasiri isiwakute katikati. Kutoka Toronto hadi Guangzhou ni saa kumi na mbili au kumi na tatu, na kwa umbali huo lazima mmoja awe asubuhi mapema na mwingine usiku. Akiongezeka tena wa Vancouver, aliye mbali zaidi magharibi, usilazimishe kikao kimoja. Fanyeni viwili vyenye ajenda moja, Unguja ikiwa katika vyote, na uamuzi usubiri mpaka cha pili kiishe.

Jedwali hili litengenezwe upya kila Desemba, kwa sababu Jumapili za Machi, Oktoba na Novemba hubadilika tarehe mwaka hadi mwaka. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuacha kusogeza saa, na nchi wanachama hazijakubaliana kulitekeleza, kwa hiyo hata sheria yenyewe ihakikiwe kabla ya kuandika. Kwa anayepanga mwaka 2027, tarehe za kuandika kwanza ni nne: 14 Machi, 28 Machi, 31 Oktoba na 7 Novemba.